Safu ya Tahadhari

Kurasa kumi na tisa. Mratibu wetu alizishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake, akasema, "Dada, haya ni makabidhiano au umetunga riwaya?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa wiki yangu ya mwisho na sikutaka kuondoka kwa ugomvi. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga pale Same mjini, ambako upepo ukianza mchana unafunga na kufungua milango bila kuombwa. Ulikuwa mradi wa afya ya mama na mtoto. Kila kijiji kilikuwa na mhudumu mmoja wa kujitolea: anatembelea wajawazito majumbani, anawashauri, anahakikisha wanajifungulia mahali penye mkunga. Mimi kazi yangu ilikuwa namba. Kila mwisho wa mwezi zahanati zilinitumia ripoti, nami nikaziingiza kwenye faili moja kubwa la Excel ambalo sote tuliliita "kitabu". Karatasi ya kwanza ya kitabu ilikuwa na data ghafi, ya pili hesabu, na ya mwisho ndiyo wakubwa waliyoipenda: kila kijiji na mhudumu wake kwenye mstari wao, na rangi pembeni. Kijani, vizuri. Njano, angalia. Nyekundu, kuna shida. Rangi zile nilizitengeneza mimi.

Nilikaa miaka minne na kitabu kile, nikayajua maradhi yake yote. Nilijua kwamba zahanati isipoleta ripoti kisanduku chake kinabaki kitupu, na fomula ya kujumlisha inakipita kana kwamba hakuna aliyezaa, kumbe watu wamezaa, ila ripoti ndiyo imekwama. Nilijua kwamba mvua zikinyesha ripoti za milimani zinachelewa, zinaangukia mwezi unaofuata, kwa hiyo mwezi mmoja unaonekana msiba na wa pili unaonekana muujiza. Nilijua kwamba ile namba tuliyoiita "wajawazito wanaotarajiwa" hakuna binadamu aliyewahi kuihesabu. Ni makadirio, yanatokana na idadi ya watu wa kijiji, na ndiyo maana kuna vijiji vinapita asilimia mia bila mtu yeyote kusema uongo.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu tu. Nikapata kazi Moshi, mkataba wangu ukawa unaisha, nikajiambia: la, sitaondoka na vitu hivi kichwani. Nikaandika. Kila kipimo nikakipa mstari wake: jina lake, maana yake, namba ya juu inatoka daftari gani, namba ya chini inatoka wapi, na safu ya mwisho kabisa nikaipa jina "Tahadhari".

Tahadhari niliyoiandika kwa uchungu kuliko zote ilikuwa ya kipimo cha waliojifungulia kituoni. Namba ya juu: wanawake waliozalia kwenye zahanati ya kijiji. Namba ya chini: waliotarajiwa kuzaa kijijini hapo. Gawanya, pata asilimia, pata rangi. Ukikisikia hivyo unasema mbona kiko sawa. Hakiko sawa hata kidogo! Mama anahesabiwa pale alipozalia, hahesabiwi pale anapoishi. Sasa njoo huku Upare. Juu kule, ukishapita Vudee na kuendelea kupanda, wapo wanawake ambao mimba ikifika mwezi wa nane wanashuka mjini. Anakuja kukaa kwa dada yake, kwa shangazi, kwa mtu wa ukoo wake aliyehamia Same, anasubiria hapo karibu na hospitali. Huo ni utaratibu wao, na una maana, kwa sababu barabara zile mvua ikikolea hakuna gari linalopita. Mwanamke huyo akizaa salama hospitalini, anahesabiwa mjini. Kijijini kwake haonekani. Ni kama hajazaa.

Kulikuwa na mhudumu mmoja wa kijiji cha huko juu, mama wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka hata akienda dukani. Huyu mama alikuwa bora kuliko wote tuliokuwa nao, na sisemi hivyo kwa kumpendelea. Aliwahi kuona mwanamke akishushwa kwenye kitanda cha kubebwa, mvua inanyesha, wanaume wanne wanateleza kwenye tope, na mwanamke yule hakufika. Tangu hapo akaapa. Kila mwenye mimba ya kwanza, kila aliyewahi kupasuliwa, kila ambaye presha yake haieleweki, alimfuata nyumbani mpaka familia ikachoka naye, akamwandikia karatasi ya rufaa, akamshusha mwenyewe. Na kwa sababu alikuwa anafanya kazi hiyo vizuri hivyo, mstari wake kwenye kitabu ulikuwa mwekundu mwaka mzima. Kijiji cha jirani, ambako mhudumu alikuwa anajikalia zake, kilikuwa njano. Jamani!

Nilishaomba kipimo kibadilishwe. Nikajibiwa kwamba vipimo vya mradi vimesainiwa, havibadilishwi katikati. Basi nikaandika kwenye tahadhari, kwa herufi nzito: "Rangi hii isitumike kumpima mhudumu. Kwa vijiji vya milimani tazama kwanza vishina vya rufaa." Maana kila karatasi ya rufaa ina kishina kinachobaki kwenye daftari la mhudumu, na kipande kingine hospitali inakitunza. Ukitaka kujua ukweli wa yule mama, unalinganisha hivyo viwili. Ni kazi ya siku moja.

Nikakabidhi kurasa zangu kumi na tisa, nikaagwa kwa soda na keki, nikaenda Moshi.

Miezi miwili baadaye simu ikaita. Alikuwa yule kaka aliyechukua nafasi yangu, mtu wa Morogoro, mpole, mwenye adabu ya simu. "Samahani dada kwa usumbufu. Kuna zahanati moja haina kitu kwenye mwezi uliopita. Niandike sifuri?"

Nikamwambia, "Usithubutu! Mbona nimeeleza kwenye safu ya tahadhari, ukurasa wa pili?"

Akasema, "Safu ipi, dada?"

Hati aliyopewa ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Majina ya vipimo na maana zake kwa kifupi, basi. Safu ya tahadhari yote ilikuwa imefutwa. Nilimuuliza nani kafuta, akajikohoza, akasema alivyoelezwa na mratibu ni kwamba hati ilikuwa ndefu mno, na kwamba tahadhari nyingi zinafanya wafadhili waone kama hatujui tunachokifanya. Nikasema eti nini? Akarudia. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, maharage yanachemka, nikazima jiko kabisa kwa sababu nilijua sitaweza kuyaangalia.

Lakini hakuwa amemaliza. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na kwa kuwa sasa alikuwa ameshaingiwa na wasiwasi, akaniambia kwamba mradi unapunguza wahudumu. Ametakiwa kutoa orodha ya walio nyekundu kwa zaidi ya miezi sita. Waliomo kwenye orodha wameandikiwa barua: wana miezi mitatu ya kupandisha namba zao, wasipopandisha wanaondolewa. Nikamwambia nisomee. Jina la kwanza lilikuwa la yule mama.

Sijui kama niliwahi kukasirika vile. Nimekasirishwa na wanaume, nimekasirishwa na wenye nyumba, lakini hii ilikuwa ya aina nyingine. Mwanamke anashuka na kupanda mlima kwa miguu yake ili wenzake wasife, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka anafuta sentensi mbili kwa sababu hazipendezi, na sentensi hizo ndizo zilizokuwa zinamlinda! Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi, saa nne asubuhi nikawa nimesimama mbele ya meza ya mratibu.

"Karibu sana dada, umetukumbuka," akasema.

"Nimekuja kwa ajili ya hati yangu."

Akaegemea nyuma. Aliniambia kwa sauti ya upole, ile ya kumpooza mtu, kwamba anathamini kazi yangu, ila kurasa kumi na tisa hakuna anayesoma. Kiongozi anataka kuona kitu kwa jicho moja. Nikamwambia jicho moja ndilo limemwona mhudumu wako bora kuwa ndiye mbovu. Akasema, "Sasa dada, na wewe tuwe wakweli. Rangi uliweka wewe. Miaka minne ulikuwa hapa, mbona hukuitoa?"

Hapo alinipiga pabaya. Nikasema rangi niliiweka pamoja na maelezo yake, na yeye kachukua rangi kaacha maelezo. Nilipandisha sauti, sikatai. Wahudumu wawili wa usafi walichungulia mlangoni. Akasema orodha imeshaenda makao makuu, barua zimeshafika vijijini, na mimi si mfanyakazi wa ofisi ile tena.

Aliyeniokoa ni yule kaka wa Morogoro. Aliingia bila kuitwa, ameshika kompyuta yake mpakato, akasema kwa ule upole wake, "Bosi, mimi ndiye niliyesaini ile orodha. Jina lililo chini ni langu. Naomba kuihakiki kabla sijaulizwa." Huwezi kumkatalia mtu ombi la namna hiyo. Nikamtumia hati yangu kamili kutoka kwenye barua pepe yangu, akaisoma palepale akiwa amesimama. Alipofika kwenye kile kipimo akaguna tu, "Aisee."

Tukaenda hospitali wote wawili. Afisa wa wodi ya wazazi alitutolea boksi la vipande vya rufaa, na picha za vishina vya yule mama zilikuwa bado kwenye simu ya ofisi, kwa sababu kila robo mwaka alikuwa anavileta ofisini tunavipiga picha, bila kukosa. Tukakaa kwenye benchi la korido, kaka anasoma namba ya kishina, mimi natafuta kipande chake. Mpaka saa tisa tulikuwa tumemaliza. Wanawake wote aliowashusha mwaka ule walifika, na wote walizalia hospitali. Ukiwarudisha kijijini kwao kihesabu, mstari wake si tu kwamba haukuwa mwekundu, ulikuwa wa juu kuliko mistari yote ya mradi.

Mratibu alisoma ile karatasi mara mbili. Hakuomba radhi, hana desturi hiyo. Alisema, "Haya, nitaandika nyongeza, aondolewe kwenye orodha." Na kwamba safu ya tahadhari irudishwe kwenye hati "kwa muhtasari". Nikamwambia muhtasari aandike wa chakula cha semina, tahadhari zibaki kama zilivyo. Akasema sawa. Kaka wa Morogoro alizirudisha mbele ya macho yangu, na kwenye karatasi ya rangi akaandika chini ya kichwa, kwa maneno makubwa, kwamba rangi si ya kumpima mtu.

Nilitoka pale nimeshinda. Nilikuwa na furaha ya kijeuri, ile ya kutaka kumweleza kila mpita njia. Nikalala kwa binamu yangu, na Jumamosi asubuhi nikakodi bodaboda kupanda mlimani, nikampe yule mama habari kwa mdomo wangu mwenyewe. Barua ya kumsafisha ingechukua wiki kadhaa kufika, na sikutaka akae hata siku moja zaidi na ile ya vitisho.

Nilimkuta nyumbani kwake anachambua mahindi ya makande. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Wewe si ulihamia Moshi?" Akanifutia kigoda, akaniletea chai ya tangawizi kali mpaka machozi yakanitoka. Kabla sijafungua mdomo yeye akaanza. "Afadhali umekuja. Nilipata barua yenu. Nikalia, nisikufiche. Lakini nimejirekebisha."

"Umejirekebisha nini, mama?"

"Namba. Barua ilisema wanaozalia zahanati yangu ni wachache, niwapandishe. Basi nimeacha kuwashusha. Mwezi huu wanne wamezalia hapahapa, wazima kabisa. Na huyu wa tano anasubiri. Unadhani nitakuwa nimetoka kwenye nyekundu?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza huyo wa tano ni nani. Akaniambia bila kunitazama, mikono yake imetulia kwenye ungo. Ni mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Mimba imefika wiki ya thelathini na nane. Zahanati ile ina muuguzi mmoja na haina chumba cha upasuaji, na kovu la zamani likiachia wakati wa uchungu, mama na mtoto wanaweza kuondoka ndani ya saa moja. Yeye alikuwa anayajua hayo kuliko mimi. Ndiye aliyekuwa anayafundisha kwa wenzake.

"Mama, huyu si wa kuzalia hapa."

"Najua," akasema. "Unafikiri nalala? Lakini nikiondolewa mimi, hao wengine wote nani atawafuata?"

Nikamweleza yote pale pale, mbio mbio, huku nimeshasimama. Kwamba kipimo kilikuwa kinamhesabu mama pale anapozalia. Kwamba kila aliyemshusha alikuwa anamwongezea nyekundu. Kwamba tumehakiki, ameondolewa kwenye orodha, hakuna wa kumgusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga ya pili kiunoni, tukaenda nyumba ya tatu.

Mume wa yule mwanamke hakutaka kutuelewa. Alisema, na haki alikuwa nayo, "Wiki mbili zilizopita wewe mwenyewe mama ulikuja hapa ukaniambia asishuke. Nikampigia shemeji yangu nikamwambia asitayarishe chumba. Leo unasema ashuke. Nishike lipi?" Yule mama alisimama mlangoni kwa mtu, mbele yangu na mbele ya mama mkwe wa watu, akasema, "Nilikosea. Nilikuambia vile kwa sababu niliogopa kufukuzwa." Mimi niliyetengeneza rangi nilikuwa nimesimama pembeni yake na viatu vyangu vya mjini, na ni yeye aliyekuwa anaomba radhi.

Gari lilipatikana saa saba mchana. Tulishuka watatu, na wa nne ni yule mume, polepole, dereva anakwepa kila shimo. Yule mwanamke alipokelewa hospitali jioni jua likiwa bado lipo. Daktari alipopima alisema asirudi nyumbani, abaki wodini mpaka afanyiwe upasuaji, na siku tano baadaye nikapigiwa simu Moshi kwamba ni mtoto wa kike na wote ni wazima.

Lakini jioni ile ya Jumamosi tulikuwa bado hatujui litakalotokea. Tulikaa kwenye lile benchi la korido, mimi na yule mama. Alitoa daftari lake la rufaa, akaanza kujaza karatasi aliyopaswa kuwa ameijaza wiki mbili kabla. Mimi nikawa namtukana mratibu. Nilimsema vizuri, sikubakisha. Nikamweleza jinsi nilivyoandika kila kitu, kurasa kumi na tisa, kila kipimo na kasoro yake, na habari yake yeye niliiandika kwa herufi nzito kabisa, na mtu yule kaifuta.

Akaacha kuandika. "Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua kwamba nikiwashusha naonekana mbaya."

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili."

"Na ukaandika."

"Niliandika."

"Ukampa nani?"

"Mratibu. Na yule aliyechukua nafasi yangu."

Alinitazama, hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Mimi kila robo mwaka nilikuwa nakuja pale ofisini kuleta vishina," akasema. "Unanikaribisha maji, tunaongea habari za watoto. Mbona mimi hukuniambia?"

Ningeweza kumsingizia mratibu, au mkataba, au vipimo vilivyosainiwa. Nikamwambia ukweli, kwamba miaka yote ile haikunijia akilini hata siku moja.

"Haya," akasema, akageuza daftari kuelekea kwenye taa, akaendelea kujaza jina la yule mwanamke.